Fomu zisipotee, chaji isiishe

"Wahudumu wetu wa afya ya jamii watatumia programu ya ODK Collect kujaza fomu kwenye simu siku tatu bila mtandao. Nizingatie nini?"

Kabla hawajaondoka, kila simu ipakue fomu kwa Download form, kisha zima data na mjaze moja ya majaribio hadi mwisho. Kinachosumbua zaidi ni rasimu: fomu iliyohifadhiwa bila kubonyeza Finalize hubaki kwenye Drafts, na mtandao ukirudi haitumwi. Kila jioni msimamizi ahakikishe Drafts ni sifuri na Ready to send inalingana na kaya zilizo daftarini. Asiyetuma asifute programu. Fomu zitafutika nayo.

Pawabenki ya mAh 10,000 hupoteza takriban theluthi moja wakati wa kuchaji, hivyo simu ya mAh 4,000 itajaa mara moja na nusu hivi. Simu inayomaliza chaji kila siku itazimika siku ya tatu mchana. Beba mbili.