Andika kwa ajili ya sikio: taarifa ya uzalishaji kwenye kikao cha wiki

Ukipewa kazi ya kusoma taarifa ya uzalishaji mbele ya wafanyakazi wenzako, jambo la kwanza ni kuliacha jedwali mezani. Mimi mara ya kwanza nililisoma lilivyo: "Tumefikia asilimia tisini na mbili nukta tano ya lengo." Nikamaliza, na mwendesha mashine mmoja akaniuliza, "Sasa tumekosa katoni ngapi?" Ilinibidi nipige hesabu nikiwa nimesimama, watu wakinitazama.

Tangu siku hiyo naanza na pengo, na nalitaja kwa kitu kinachohesabika. Tuchukue wiki moja ya mfano. Lengo ni katoni 12,000 kwa siku sita, yaani 2,000 kwa siku. Zamu ni mbili za saa nane kila moja, kwa hiyo laini inatakiwa kutoa katoni 125 kwa saa. Zilizoingia ghalani ni 11,100. Pengo ni 900.

Kazi kubwa iko hapa: hizo 900 zimekwenda wapi? Fungua daftari la zamu. Jumatatu laini ilichelewa kuanza kwa muda wa saa mbili, ikisubiri malighafi. Saa mbili mara 125 ni katoni 250. Jumatano mkanda wa mashine ya kufungia ulikatika, laini ikakaa saa nne bila kazi. Hizo ni 500. Wakaguzi wa ubora wakakataa 150. Jumlisha: 250, 500 na 150 ni 900. Hesabu imefunga.

Isipofunga, usiingie nayo kikaoni kabla hujarudi kwenye laini. Mara nyingi utakuta katoni zimehesabiwa zilipotoka kwenye mashine lakini hazijapokelewa ghalani, bado zimepangwa sakafuni. Ukikosa kabisa maelezo ya sehemu fulani, sema waziwazi, "Katoni 60 bado hatujajua zimepotelea wapi." Usizibandike kwa fundi ili tu jumla ikae sawa.

Wastani nao uangalie vizuri. Ukisema tulitengeneza wastani wa katoni 1,875 kwa siku, pamoja na zile 150 zilizokataliwa, hujakosea, ila umeificha Jumatano. Siku nne zilitoka 2,000 kamili, Jumatatu 1,750, Jumatano 1,500. Wasikilizaji walikuwepo Jumatano hiyo. Wakisikia wastani peke yake wanaona taarifa haiwahusu.

Halafu kuna mitego ya Kiswahili chenyewe, na huu ndio uliniumiza zaidi. Niliwahi kusema, "Mashine ilisimama saa nne." Fundi akanyanyuka palepale: "Si saa nne, ilisimama saa tatu!" Mimi nilimaanisha muda, yeye amesikia saa ya ukutani, na alikuwa na haki. Tukapoteza dakika kadhaa tukibishania jambo ambalo wote tulikubaliana nalo. Sasa naandika "kwa muda wa saa nne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana." Hata namba ni hivyo hivyo. "Elfu kumi na moja" mwingine ataisikia kama kumi elfu na moja juu yake, kwa hiyo naandika "kumi na moja elfu". Ndiyo maana kwenye karatasi ya kusomea naandika namba kwa maneno, vile nitakavyozitamka.

Taarifa ya wiki hiyo ingekuwa hivi:

"Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wiki iliyopita tulitakiwa kupeleka ghalani katoni kumi na mbili elfu. Tumepeleka kumi na moja elfu na mia moja. Tumepungukiwa na mia tisa. Zaidi ya nusu ya hizo, mia tano, ni za Jumatano, mkanda wa mashine ya kufungia ulipokatika na laini ikasimama kwa muda wa saa nne. Mia mbili na hamsini ni za Jumatatu, tulipokuwa tunasubiri malighafi. Mia moja na hamsini zilikataliwa kwenye ukaguzi. Ni sawa na katoni moja katika kila sabini na tano tulizotengeneza. Siku nne zilizobaki, kila siku zimetoka elfu mbili kamili. Mkanda mpya umeshafungwa, na wa akiba upo stoo. Kuna swali?"

Angalia kwamba hakuna jina la mtu. Mkanda ulikatika, malighafi zilichelewa. Kama kuna aliyezembea, msimamizi wake ataongea naye pembeni. Ukimtaja hadharani, wiki ijayo daftari la zamu litaandikwa kwa woga na hutapata tena saa za kweli za laini kusimama.

Isome kwa sauti jioni ya siku iliyotangulia. Pale ulimi unapokwama, kata sentensi. Na ukishauliza "Kuna swali?", nyamaza kidogo, karatasi ikiwa bado mkononi. Wa nyuma kabisa huchukua muda kuinua mkono, na mara nyingi ndiye aliyekuwa kwenye mashine siku ile.