Usinunue koki ya hodhi kabla hujapima maji ya bomba lisilo na koki

Swali: "Nataka kununua koki ya hodhi la kuogea iliyoandikwa 'mtiririko mkubwa, lita 20 kwa dakika', kwa kuwa maji yetu yanatoka kwenye tanki la juu ya dari na ni dhaifu. Hodhi ni la lita 180. Je, litajaa kwa dakika 9? Niifunge ukutani au ukingoni mwa hodhi?"

Usilipe. Kama umekwisha lipa, usimruhusu fundi aikate boksi, maana koki hiyo huenda ikakuletea karibu lita 5 kwa dakika wala si 20, na maji ya chini yatakuwa yamepoa kabla ya yale ya juu kufika.

Soma tena karatasi ya koki, hasa yale maandishi madogo yaliyo karibu na hiyo namba 20. Mara nyingi utakuta imeandikwa kuwa kipimo hicho kimechukuliwa kwenye presha ya baa 3. Hiyo ni presha ya nyumba inayosukumiwa maji kwa nguvu. Tanki lako la juu ya dari halina nguvu hiyo hata kidogo. Kila mita 1 ya kimo, kuanzia usawa wa maji ndani ya tanki hadi mdomo wa koki, hutoa takriban baa 0.1 tu. Kwa hiyo, ikiwa maji ya tanki yako juu ya mdomo wa koki kwa mita 2, unayo baa 0.2. Ukubwa wa tanki haubadilishi lolote hapo: tanki la lita 5,000 na tanki la lita 200 yakiwa na maji kwenye usawa mmoja hutoa presha ileile.

Presha ikishuka, mtiririko nao hushuka, ila haushuki kwa kiasi kilekile. Presha ikipunguzwa mara 4, maji yanayopita kwenye koki hupungua mara 2, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Kutoka baa 3 hadi baa 0.2 presha imepungua mara 15, na kipeuo cha pili cha 15 kinakaribia 4. Gawanya zile lita 20 kwa 4, nawe umepata lita 5. Hesabu hii ni ya dakika moja, na muuzaji yeyote wa vifaa vya bafuni anapaswa kuifahamu kabla ya kumshauri mtu.

Aliyeniuzia mimi hakuifanya. Nilimweleza waziwazi kwamba maji yangu ni ya tanki na presha yake ni ndogo, naye akanijibu kwa uhakika kamili kwamba dawa ya maji dhaifu ni koki kubwa, kwa kuwa "koki kubwa huvuta maji mengi". Maneno hayo yananikera hadi leo. Koki haivuti maji. Koki ni tundu lenye mlango, na kazi yake ni kuyapitisha au kuyazuia maji ambayo presha ya nyuma yake imeyasukuma. Mtu anayepokea fedha za watu kwa kazi hiyo hana udhuru wa kutolijua jambo hilo, na bado nasikia maneno yaleyale yakirudiwa kwa wateja wengine.

Gharama kubwa kuliko zote ilitokana na mahali ilipofungwa. Ilikuwa koki ya kufichwa ukutani: mwili wake ulizikwa ndani ya tofali, vigae vikapangwa juu yake, na nje vikabaki vishikio na mdomo peke yake. Hodhi lilipoanza kutumika, upande wa maji ya moto ulitoa lita 2 kwa dakika na upande wa baridi lita 3. Fundi aliondoa kijiwavu cha mdomoni, mtiririko ukaongezeka kidogo sana. Tukabadilisha vali za kufungia maji, haikusaidia. Ndipo vigae vikavunjwa, koki ikatolewa, na mabomba yakaachwa wazi. Maji ya baridi yakatoka lita 20 kwa dakika na ya moto lita 15, pande zote mbili zikiwa zimefunguliwa kwa pamoja. Tangu mwanzo mabomba yalikuwa na maji ya kutosha, na kilichoyabana ni katriji ya koki, yenye visahani viwili vya kauri ambavyo matundu yake ni membamba. Kwenye baa 3 matundu hayo hayaleti shida, lakini kwenye baa 0.2 yanabana karibu kila kitu. Bei ya koki ilikuwa ndogo ukilinganisha na vigae, saruji, na kazi ya kubomoa na kujenga upya. Kwa hiyo, kuhusu ukuta au ukingo: ukingoni, ambako koki inaweza kufunguliwa kwa spana bila kugusa kigae hata kimoja.

Sasa fanya hivi kabla ya kununua chochote. Funga maji, ondoa koki iliyopo, kisha unganisha kipande cha mpira wa maji kwenye kila bomba na ukinyanyue hadi usawa ambao mdomo wa koki mpya utakaa. Usipimie chini sakafuni, kwa sababu kila sentimita unayoshuka inaongeza presha ambayo koki yako haitaipata. Pale ambapo kimo chote ni mita 2, kushuka nusu mita ni kujidanganya kwa robo nzima ya presha. Chukua ndoo mbili ambazo umehakikisha alama yake ya lita 10 ni ya kweli. Fungua maji ya moto na ya baridi kwa wakati mmoja, kila upande na ndoo yake, uhesabu sekunde hadi kila ndoo ifike kwenye alama. Gawanya 600 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa dakika. Ndoo iliyojaa kwa sekunde 30 ni lita 20 kwa dakika. Iliyojaa kwa sekunde 100 ni lita 6. Ni muhimu kufungua pande zote kwa pamoja, kwa kuwa mara nyingi hulishwa na bomba moja kutoka tankini, na ukipima kila upande peke yake utapata namba nzuri ambazo hutaziona tena wakati wa kuoga. Maji ya moto yashughulikie kwa uangalifu, yanaunguza.

Kipimo hicho ndicho kitakachokuambia kama tatizo lako ni la koki au la bomba. Mabomba yasiyo na koki yakitoa lita 15 au 20, una maji, na koki yenye njia pana itayapitisha. Yakitoa lita 6, hakuna koki duniani itakayokupa lita 7. Hapo fedha zako ziende kwingine: kwenye vali iliyofunguliwa nusu, kwenye bomba la chuma lililozibwa na kutu kwa ndani, kwenye bomba jembamba lililozungushwa kona nyingi, kwenye kunyanyua tanki, au kwenye pampu baada ya tanki.

Kuhusu muda wa kujaa, hesabu yako ya 180 kugawanya kwa 20 ina makosa mawili zaidi. Kosa la kwanza ni dogo na linakupa nafuu: lita 180 ni ujazo wa hodhi tupu hadi kwenye tundu la kufurikia. Mwili nao unachukua nafasi, na mtu mzima aliyelala ndani ya maji huondoa lita zinazokaribia uzito wake kwa kilo, ukipunguza kichwa na magoti yaliyo nje. Weka lita 60 kwa ajili ya mwili, yanabaki maji ya lita 120.

La pili ni zito, na hata mafundi hulipuuza. Usijumlishe moto na baridi kisha ukagawanya. Ikiwa maji ya hita ni nyuzi 60, ya baridi ni nyuzi 20, na unataka kuoga kwa nyuzi 40, unahitaji nusu kwa nusu, yaani lita 60 za moto na lita 60 za baridi. Kwa koki yangu ya kwanza, mtu angesema lita 120 kwa mtiririko wa lita 5 ni dakika 24. Ukweli ni kwamba lita 60 za moto zikitoka kwa lita 2 kila dakika zinachukua dakika 30, na upande wa baridi ilibidi ubanwe ili usitangulie. Upande ulio dhaifu ndio unaoamua muda. Hita yako ikitunza maji kwenye nyuzi 50 badala ya 60, sehemu ya moto hupanda hadi theluthi mbili, yaani lita 80, na muda unarefuka tena. Hakikisha pia kwamba hita ina lita hizo za moto ndani yake, la sivyo utakuwa unajaza hodhi kwa maji ya uvuguvugu.

Koki zilizofungwa baadaye ni mbili za kusimama, moja ya moto na moja ya baridi, za robo tatu ya inchi, zinazofunga kwa washa ya mpira na kuzungushwa mara kadhaa hadi zifunguke zote. Karatasi yake ilikuwa na kipimo cha baa 0.2: lita 12 kwa kila koki. Hupati 12 kamili, kwa sababu ukinzani wa bomba unajumlika na wa koki. Upande wa baridi ulitoa lita 10 na upande wa moto lita 9. Lita 60 za moto kwa lita 9 kila dakika ni karibu dakika 7. Bomba lilelile, tanki lilelile. Angalia pia mirija laini ya kuunganishia koki: ile ya kawaida ina tundu jembamba kwa ndani hata kama nati zake ni kubwa, kwa hiyo iangalie ndani kwa jicho lako, au umwambie fundi aunganishe kwa bomba lenyewe.

Ukienda dukani, uliza jambo moja: koki hii inatoa lita ngapi kwenye baa 0.2? Kuandikwa kwamba presha ya chini inayokubalika ni baa 0.2 hakutoshi, kwa kuwa maana yake ni kwamba itafanya kazi, na hata lita 3 kwa dakika ni kufanya kazi. Unataka lita. Kama karatasi haina namba hiyo na muuzaji hawezi kuitafuta, irudishe kwenye rafu, uende duka jingine. Ukishapima, weka hapa sekunde za kila ndoo, kimo cha maji ya tanki juu ya hodhi na joto la hita, nami nitakufanyia hesabu ya muda kabla hujatoa fedha.