Barua ya kuongeza muda wa majaribio

"Mpokezi wetu hapa hotelini Malindi anamaliza miezi 6 ya majaribio Ijumaa, na hesabu zake bado zina kasoro. Nimwandikieje?"

Ndugu, mwandikie kabla ya Ijumaa na uache nafasi ya sahihi yake, kwani kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinaruhusu nyongeza isiyozidi miezi 6 iwapo tu mfanyakazi mwenyewe ameridhia. "Utendaji hauridhishi" ni maneno yasiyoshikika, afadhali uandike hivi: "Mwezi uliopita, fedha za zamu zako zilikuwa pungufu kuliko risiti mara 3. Katika miezi 2 ijayo, utafunga hesabu mbele ya msimamizi kila zamu, na pasiwepo upungufu usio na maelezo. Tutakutana kila Jumatatu kupitia daftari." Akifaulu, barua ya kumthibitisha itaje tarehe kamili ya kuanzia.