Mwanafunzi mjamzito anapomwandikia mkuu wa shule: anza na kadi ya kliniki

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kukaa na mwanafunzi aliyepata ujauzito na kumsaidia kuandika barua ya kuomba aendelee na masomo. Barua ambazo wasichana waliniletea baada ya kuziandika peke yao zilifanana sana: kurasa mbili za kuomba radhi, kisha sentensi moja mwishoni inayosema, "Naomba nisifukuzwe." Mkuu wa shule akimaliza kusoma barua ya namna hiyo hana jambo mahususi la kuidhinisha. Hajui mwanafunzi atakosa vipindi siku zipi, atajifungua lini, mitihani itamkuta katika hali gani, wala ni nani wa kupigiwa simu akizidiwa darasani. Asipoyajua hayo, jibu jepesi kwake ni kukataa.

Ndiyo maana nilikuwa nikimwambia msichana aende kliniki kwanza, barua ifuate. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8: mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kumalizika, kisha katika wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Vipo vituo vyenye ratiba ya mahudhurio machache zaidi, kwa hiyo tarehe za kuandika kwenye barua ni zile ambazo mkunga amezijaza kwenye kadi yako. Lakini utaona jambo moja katika mpangilio huo, nalo ndilo litakalokusaidia kujieleza: mwanzoni nafasi kati ya hudhurio moja na jingine ni ya wiki nyingi, na ni mwezi wa mwisho tu ambapo mahudhurio hukaribiana. Mkuu anayedhani kwamba mwanafunzi mjamzito ataomba ruhusa kila wiki hubadili mtazamo akiiona ratiba yenyewe imeandikwa.

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha tatu ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 10 Februari. Mkunga huongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3, akapata tarehe 17 Novemba kuwa siku ya makadirio ya kujifungua. Ni makadirio tu, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa wiki mbili kabla au baada ya hapo bila tatizo lolote. Kwa hesabu hiyo, wiki ya 26 inaangukia tarehe 11 Agosti, ya 30 tarehe 8 Septemba, ya 34 tarehe 6 Oktoba, ya 36 tarehe 20 Oktoba na ya 38 tarehe 3 Novemba. Sasa weka kalenda ya shule kando ya tarehe hizo. Kama mitihani ya mwisho wa mwaka inaanza tarehe 10 Novemba, hapo ndipo penye ugumu, na barua inapaswa kuutaja waziwazi badala ya kutumaini kwamba hakuna atakayeuona. Barua aliyoihitaji msichana wa namna hiyo, mwanzoni mwa mwezi wa Julai, ingekuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUENDELEA NA MASOMO NA RUHUSA YA KUHUDHURIA KLINIKI

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nina ujauzito wa wiki 20, na kwa makadirio ya kliniki nitajifungua tarehe 17 Novemba. Naomba kuendelea na masomo hadi nitakapokaribia kujifungua, na kurejea baada ya mapumziko ya uzazi.

Naomba ruhusa ya kwenda kliniki tarehe 11 Agosti, 8 Septemba, 6 Oktoba, 20 Oktoba na 3 Novemba. Siku hizo nitatoka asubuhi na kurudi mara nitakapohudumiwa, na nitawaona walimu wa masomo niliyoyakosa siku inayofuata.

Kwa kuwa mitihani ya mwisho wa mwaka inakaribiana na siku ya kujifungua, naomba kufahamishwa mapema kama ninaweza kuifanya kwa wakati mwingine endapo nitajifungua kabla au katikati yake.

Naomba pia niruhusiwe kutoka darasani kwenda chooni ninapohitaji, na kwenda kituo cha afya mara moja nikipata dalili za hatari. Mlezi wangu, ambaye ametia saini hapa chini pamoja nami, atapatikana kwa simu wakati wote.

Nimeambatisha barua ya kliniki inayothibitisha tarehe hizi."

Barua yote inatosha ukurasa mmoja. Kama wizara ya elimu ya nchi yako imetoa mwongozo kuhusu wanafunzi wajawazito, utaje kwa jina na mwaka wake katika aya ya kwanza, lakini usome kwanza unasema nini, maana miongozo inatofautiana juu ya muda wa kukaa shuleni na wakati wa kurudi.

Kuhusu kiambatisho, kuwa mwangalifu. Wasichana wengi hutoa nakala ya kadi nzima, na kadi hiyo ina majibu ya vipimo vya damu, kikiwemo cha virusi vya UKIMWI, ambayo hayamhusu mkuu wala karani atakayeiweka kwenye faili. Mwombe mkunga akuandikie barua fupi yenye muhuri ikionyesha tarehe peke yake. Ya kwako itie kwenye bahasha iliyofungwa, uikabidhi mkononi, na ubaki na nakala.

Jina la aliyekupa ujauzito lisiwemo. Kama ulilazimishwa, au mhusika ni mtu mwenye mamlaka juu yako, hilo ni shauri zito la kupelekwa kwa ustawi wa jamii au polisi, na likichanganywa na ombi la masomo, yote mawili hukwama. Akiwa ni mtu wa shuleni hapo, barua ipelekwe ofisi ya elimu iliyo juu ya shule.

Dalili za hatari zinastahili kuandikwa kwenye karatasi ya pili, kwa ajili ya mwalimu wa darasa: kutokwa na damu ukeni, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, maji kutoka ukeni, au mtoto kupunguza kucheza. Wasichana walio chini ya miaka 20 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, na kifafa hicho mara nyingi hutanguliwa na kichwa kuuma ambako mwalimu anaweza kukuchukulia kuwa uchovu. Katika hali hiyo mwanafunzi asisubiri kusainiwa fomu ya ruhusa.

Mwisho, omba jibu la maandishi. Mara nyingi mkuu atakuita ofisini na kukubali kwa mdomo, kisha akahamishwa, au msimamizi wa zamu akakuzuia getini tarehe 6 Oktoba kwa kuwa hana taarifa. Ukijibiwa kwa mdomo, andika siku hiyohiyo mistari michache: "Nashukuru kwa kunikubalia leo kuhudhuria kliniki katika tarehe zifuatazo," uzitaje zote, uikabidhi kwa karani, na umwombe agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nakala hiyo ndiyo utakayomwonyesha msimamizi wa zamu.