Usiache 5H: kwa mnaoanza kazi kwenye maegesho ya ndege

Wiki yangu ya kwanza uwanja wa Julius Nyerere nilikabidhiwa fomu ya kuorodhesha ndege zilizoegeshwa. Mbele yangu ilikuwepo Dreamliner ya Air Tanzania, yenye alama za usajili 5H-TCG. Nikaandika TCG tu, kwa kuona kwamba 5H ya Tanzania kila mtu anaijua. Mzee wa zamu aliirudisha fomu. "Mwanangu, TC ni ya nani?" Sikuwa na jibu. TC ni Uturuki, na ndege za Uturuki hutua hapahapa Dar.

Basi shikeni hili: nchi inasomwa kabla ya kistari. Kinachofuata baada yake ni jina la ndege ndani ya daftari la nchi hiyo. 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, ET Ethiopia. Msidhani kwamba siku zote ni alama mbili, maana Rwanda ina tatu, 9XR, na Marekani ina moja tu, N, tena bila kistari. Oman ni A4O, na hiyo ya mwisho ni herufi O, si sifuri.

Kazi huwa ngumu zaidi kwenye mpango wa safari, kwa kuwa huko kistari hakiandikwi. Utakuta hivi:

```
REG/5HTCG
REG/9XRWN
```

Hapo unakata mwenyewe: 5H kisha TCG, 9XR kisha WN. Anza kushoto kila mara. Ukianza katikati, TC itakupeleka Uturuki kama ilivyonipeleka mimi.

Jambo la pili ni rangi. Rangi na nembo vinakuambia ndege inafanya kazi ya nani, havikuambii imesajiliwa wapi. Wazee wanaokumbuka East African Airways, iliyovunjika mwaka 1977, wanalijua vizuri. Shirika lilikuwa moja na rangi zilikuwa moja, lakini katika ndege zake za Super VC10 ilikuwepo 5H-MMT ya Tanzania, 5X-UVA ya Uganda na 5Y-ADA ya Kenya. Siku hizi utaliona hilo kwenye ndege za kukodi: nembo ya shirika la nchi moja, alama za nchi nyingine. Hapo andika kilichoandikwa kwenye ndege, usikisahihishe kwa kufuata nembo. Ndege haisajiliwi nchi mbili kwa wakati mmoja, ila inaweza kuhamishwa, na ikihama hupewa alama mpya. Ndiyo maana orodha ya mwaka jana haifai kunakiliwa.

Na ikitokea karatasi inasema hivi, ubavu wa ndege unasema vile? Msichague wenyewe. Karibu na mlango mkuu kuna kibati kisichoungua moto, kimechorwa alama hizohizo. Mwombeni fundi wa ndege awaonyeshe, msome herufi kwa herufi, kisha mumwite msimamizi kabla fomu haijasainiwa.