Kujenga hipu: kushusha si kupandisha

Swali: Mwalimu, niko Kakamega, naandika programu ya kupanga maombi ya boda boda, lenye muda mfupi zaidi litoke kwanza. Kuingiza kitu kimoja kwenye hipu ni log n. Vitu vikiwa n, si jumla ni n log n? Mbona tunaambiwa ni O(n)?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi, ila ni ya kazi nyingine. Karibu kila kundi ninalofundisha hapa Kisumu huja na swali hili, na chanzo ni kile kile: kuna mtu amewaambia kwamba kujenga hipu ni kuita "ingiza" mara n.

Hipu ni mti uliolazwa kwenye safu, ambamo mzazi hamzidi mtoto wake. Ukiingiza, kitu kipya hukaa mwisho wa safu, kisha hupanda kikilinganishwa na mzazi wake, `(i-1)//2`. Ukitoa, cha mwisho huhamia kwenye mzizi, kisha hushuka kikibadilishana na mtoto mdogo kati ya `2*i+1` na `2*i+2`. Kujenga hutumia huko kushuka.

Chukua maombi 15, uyaweke kwenye safu yalivyo. Manane ya mwisho hayana watoto, hivyo hayashuki popote. Manne ya juu yake hushuka hatua moja tu, mawili hatua mbili, mzizi hatua tatu. Jumla haizidi 4+4+3, yaani 11. Sasa yaingize moja moja, kubwa likitangulia: mawili hupanda hatua moja, manne hatua mbili, manane hatua tatu. Hizo ni 34. Wengi wako chini ya mti: ukishusha hawana pa kwenda, ukipandisha ndio wenye safari ndefu. Kwa vitu 1,048,575, kushusha hakuzidi hatua 1,048,555, ilhali kupandisha kunaweza kufika 18,874,370.

Robert Floyd alionyesha njia hii mwaka 1964, nayo huanzia nyuma:

```
for i in range(n//2 - 1, -1, -1):
    shusha(a, i)
```

Wanaonikera ni wauza majibu ya usaili, wanaokaririsha "O(n)" bila kueleza kwa nini lazima uanzie nyuma. Mwanafunzi anageuza kitanzi kianzie 0, programu inakimbia bila kulalamika, na matokeo ni mabovu. Jaribu `[4,3,5,1]`: ukianzia mbele unapata `[3,1,5,4]`, 1 akiwa chini ya 3. Ukianzia nyuma unapata `[1,3,5,4]`. Na usikague mzizi peke yake, maana mzizi unaweza kuwa sawa huku chini kumeharibika. Linganisha kila kitu na mzazi wake.

Kwako wewe, maombi yakiingia moja moja mchana kutwa, endelea kuingiza. Log n kwa kila moja haikwepeki kwa hila hii. Njia ya Floyd itumie asubuhi, unapopakia yaliyolala jana yote kwa pamoja.