Slaidi inayoanza na "lakini"

Wadogo zangu wa hapa Goma, wiki hii mmeniletea karuseli mbili, yaani slaidi za kupitisha kidole mtandaoni, nizisome kabla hazijatoka, na kila moja ina slaidi inayoanza na "lakini". Nimeshtuka, maana kosa hilo nililifanya mimi, na hadi leo linaniuma.

1. Wazo moja si sentensi moja. Nilipewa maelezo marefu juu ya mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, niyageuze slaidi nane. Kifungu cha katikati kilisema gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatulia mabondeni na mashimoni, haionekani wala hainuki. Aliyeanguka ndani anahitaji hewa safi haraka. Lakini anayeshuka kumtoa bila kifaa cha kupumulia ataanguka naye. Mimi nikakata palipo na alama ya kituo. Slaidi ya 5 ikawa: "Mtu akianguka, mtoe haraka umpeleke kwenye hewa safi." Ya 6: "Lakini usishuke kumfuata."

Kwenye simu yangu zilifuatana vizuri. Jioni mama mmoja wa upande wa Sake akanipigia. Alikuwa ameona slaidi ya 5 peke yake. Mtu aliipiga picha akaituma Watsap. "Mwanangu," akasema, "mbuzi wetu alifia mle shimoni. Sasa mtoto akianguka, mnatuambia tushuke?" Niliomba msamaha, nikaiondoa karuseli usiku uleule. Picha ile iliendelea kutembea siku kadhaa, na hakuna namna ya kuirudisha.

Tendo na sharti lake ni wazo moja. Slaidi mpya ikasema: "Mtu ameanguka shimoni? Usishuke, utaanguka naye. Ita waokoaji wenye kifaa cha kupumulia." Katazo limetangulia, sababu iko palepale.

2. Jina la gesi lisikae mwanzoni. Maelezo marefu yanaanza na kaboni dioksidi kwa sababu mwandishi anajenga hoja. Anayepitisha kidole kwenye simu anataka kujua kama uwanja wake una hatari. Slaidi ya kwanza tuliandika: "Alfajiri hakuna upepo. Usimtume mtoto bondeni." Ya pili ikaeleza kwamba usiku uliotulia gesi inajaa chini, na upepo wa mchana unaitawanya. Kaboni dioksidi ikaenda ya saba. Mwenzangu aliyeandika maelezo alikasirika kidogo, akidhani nimemshusha. Nikampa simu, nikamwomba aonyeshe slaidi ambayo angemtumia dada yake. Alichagua ya kwanza.

3. Maneno yasizidi ishirini na tano hivi kwa slaidi. Yakizidi, tafuta wazo la pili lililojificha, usipunguze ukubwa wa herufi.

4. Kabla ya kuniletea, changanya slaidi kama karata, mpe mtu mmoja tu, muulize atafanya nini. Akijibu jambo la hatari, au akiuliza "hii inatoka wapi?", rudi mezani. Zile mbili za wiki hii nimezirudisha. Nazingoja kesho asubuhi.